Nimwambieje mwenye nyumba asinipigie simu usiku?

Shikamoo Shangazi,

Nimepanga nyumba pamoja na kaka yangu, huu mwaka wa pili sasa. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima zake, hajatupandishia kodi ovyo, na bomba likiharibika analeta fundi. Tatizo ni simu. Kodi inatakiwa iwe imefika kabla ya tarehe 5. Ikifika tarehe 1 tu anaanza kutuma ujumbe, "Kumbuka kodi", saa tano usiku, wakati mwingine saa sita kasoro. Nisipojibu, anapiga. Hata mwezi ambao tumeshalipa anapiga usiku kuuliza kama tumelipa! Kodi huwa anaituma kaka kwa simu yake, tarehe 3 au 4, mimi nampa sehemu yangu. Lakini mkataba uko kwa jina langu, kwa hiyo anayeamshwa ni mimi. Kazini naingia alfajiri, naamka saa kumi, na saa tatu usiku nimeshalala.

Nimeandika ujumbe huu ila naogopa kuutuma: "Mzee, naomba uache kunipigia usiku. Mimi nalipa kodi kwa wakati na nina haki ya kupumzika. Mambo ya kodi yawe mchana." Kaka anasema nisihangaike, nimblok tu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Mpangaji Mwenye Usingizi

*

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe huo usiutume kwanza, na hilo la kumblok liache kabisa. Yote mawili nitayarudia. Ila nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: pesa inatoka kwenye simu ya kaka, na mkataba una jina lako.

Mimi nimekuwa mpangaji miaka mingi, na sasa nina vyumba vichache ninavyopangisha, kwa hiyo najua simu ya namna hiyo inavyoudhi na najua pia inatokea wapi. Mwenye nyumba mwenye wapangaji kadhaa huwa na daftari. Mchana ana shughuli zake, pesa zinaingia moja moja, na jumbe za muamala zinachanganyika na jumbe nyingine chungu nzima. Usiku nyumba ikishatulia ndipo anavaa miwani, anafungua daftari na kuanza kulinganisha: chumba fulani, jina fulani, imeingia, haijaingia. Akifika kwenye mstari wako anatafuta jina lako, halioni. Anachokiona ni jina la mwanamume ambaye kwenye daftari lake hayumo, na inawezekana kabisa mpangaji mwingine ametuma kiasi hichohicho siku ileile. Hapo anachukua simu. Yeye anafanya hesabu, wala hana habari kwamba upande wa pili kuna mtu ataamka saa kumi.

Hilo halimpi ruhusa ya kukuamsha, usinielewe vibaya. Lakini linaeleza kwa nini anapiga hata mwezi ambao mmeshalipa, na linaonyesha kwamba kumwomba abadilishe saa peke yake hakutatosha. Mtu mwenye swali la pesa ambalo halijajibiwa halali nalo. Atakuheshimu wiki mbili, halafu tarehe 4 usiku swali litamzidi nguvu. Kwa hiyo anza kwa kuliondoa swali, kisha ndiyo uombe.

Kuliondoa ni kazi ya dakika mbili. Siku kaka anapotuma pesa, wewe, kwa simu yako, mchana huohuo, mtumie mzee ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo Mzee. Kodi ya mwezi huu, nyumba namba 4, nimekutumia leo tarehe 3 saa saba mchana. Imetoka kwa jina la kaka yangu (jina lake kamili kama linavyosomeka kwenye muamala), kumbukumbu namba (ile iliyoandikwa kwenye ujumbe wa muamala). Ikikufikia naomba unijulishe. Asante."

Angalia kilichomo: nyumba gani, mwezi gani, siku gani, jina litakalosomeka, na namba ya muamala. Hayo ndiyo anayoyatafuta usiku kwenye daftari, na sasa ameyapata yote sehemu moja bila kukuuliza. Jina la kaka liandike jinsi linavyotokea kwenye muamala, hata kama nyumbani mnamwita vingine. Kama namna yenu ya kutuma pesa ina nafasi ya kuandika maelezo, kaka aandike hapo jina lako na mwezi. Benki nyingi zina nafasi hiyo, na watu wengi huiacha tupu au wanaandika "kodi" peke yake, neno ambalo kwa mtu mwenye wapangaji sita halimwambii kitu.

Ukifika jioni na hajajibu, mpigie wewe. Saa moja hivi, simu fupi: "Mzee shikamoo, nilikuwa naulizia kama ile kodi umeiona." Usiogope kwamba unajiongezea mawasiliano. Simu moja unayoipiga wewe saa moja jioni inazuia moja anayoipiga yeye saa tano.

Zile jumbe za "Kumbuka kodi" za kuanzia tarehe 1 nazo zina dawa yake. Mtangulie. Tarehe 30 au 31, mchana, mwandikie: "Mzee shikamoo, kodi ya mwezi ujao nitaituma tarehe 3 mchana kama kawaida." Basi. Mwenye nyumba anayekumbusha kabla ya siku mara nyingi ameshaumwa na wapangaji wengine, na kwa kuwa hajui ni yupi atamchelewesha, anawakumbusha wote. Ukimpa tarehe, mstari wako kwenye daftari unakuwa na kitu kimeandikwa, naye anahamia kwenye mistari mingine.

Fanya hivyo mwezi mmoja kwanza. Huenda simu zikapungua zenyewe. Sidhani kama zitaisha, maana saa tano usiku imeshakuwa desturi yake, na ndiyo maana bado utahitaji kusema naye. Lakini utasema ukiwa umeshamrahisishia kazi, na hilo analijua hata asipolitamka.

Sasa tuje kwenye kuomba. Siku nzuri ni ile ambayo kodi imefika na yeye amejibu "imefika". Hapo hakudai kitu na huna cha kujitetea. Siku mbaya kuliko zote ni usiku wenyewe, baada ya kuamshwa, ukiwa na simu mkononi na hasira kichwani. Nayo tarehe 2, kabla hujalipa, si nzuri, kwa sababu chochote utakachosema kabla ya pesa kitasikika kama unatafuta njia ya kuchelewesha. Tena jambo hili liwe lako na lake. Kama wapangaji mna kundi la WhatsApp na mzee yumo, usilitaje humo, hata kwa utani, hata kama wenzako wanalalamika lilelile. Mzee akisemwa mbele ya wapangaji wake atajibu kwa kulinda heshima yake, na usingizi wako hautakuwamo kwenye jibu hilo.

Kwa mdomo au kwa maandishi? Kwa mzee wa namna uliyomweleza, mimi ningeanza kwa mdomo na kumalizia kwa maandishi. Maandishi hayana sauti. Neno "naomba" ukilisema kwa unyenyekevu linasikika, lakini ukiliandika linaweza kusomwa kama amri, hasa likifuatwa na "uache". Mpigie mchana au umsalimie akija kuangalia nyumba, mweleze kwa dakika moja, halafu jioni umtumie ujumbe mfupi wa kukumbushia mlichokubaliana. Kama sauti inakutetemeka na unajua utaishia kusema "hapana Mzee, hakuna neno", basi andika tu. Afadhali ujumbe mzuri kuliko mazungumzo uliyoyakimbia.

Tuurudie ujumbe wako. Una sentensi tatu, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza, "naomba uache kunipigia usiku", inamwambia asichotakiwa kufanya na inaishia hapo. Halafu usiku ni upi? Kwako unaanza saa tatu. Kwake, ambaye saa nne ndiyo kwanza anafungua daftari, usiku labda unaanza saa saba. Ukimwacha akisie, atakisia kwa saa yake. Taja saa, tena uitaje kamili: "saa mbili na nusu usiku". Ukiandika "mwisho saa 2" tu, mwingine atajiuliza kama ni asubuhi au ni usiku.

Ya pili ndiyo iliyokufanya uogope kuutuma, na uliogopa kwa haki. "Mimi nalipa kodi kwa wakati" inamjibu shutuma ambayo hakuitoa, na tangu hapo mazungumzo yanahama yanakuwa ya nani analipa na nani halipi. Kama kuna mwezi mmoja mliowahi kuchelewa hata siku mbili, ataukumbuka. Na "nina haki ya kupumzika" ni kweli tupu, lakini neno haki mtu humwambia mwenzake pale ombi limeshakataliwa. Wewe hujaomba hata mara moja! Ukianza nalo, huna cha kupandia akikataa.

Ya tatu, "mambo ya kodi yawe mchana", inampangia. Na mchana huenda hawezi. Kama anafanya kazi mpaka jioni, umemtaka jambo ambalo atalivunja wiki ya kwanza, na akishalivunja mara moja makubaliano yote yamekufa. Wewe unalala saa tatu, kwa hiyo jioni yote mpaka saa mbili na nusu unaweza kumpa bila kupoteza kitu. Mpe. Ombi lenye nafasi kubwa ya kutimizika ndilo linalotimizwa.

Kuna kitu kingine kimekosekana kabisa: sababu. Katika ujumbe mzima hujamwambia kwamba unaamka saa kumi. Sababu ya kazi haimlaumu mtu. Mzee hana kosa katika zamu yako, wewe huna kosa katika daftari lake, na hapo mnaweza kupatana bila yeyote kuomba msamaha. Usiiongezee chumvi. Usimwambie unaumwa kama huumwi, wala usiseme una mtoto mchanga kama huna, maana mzee huyu anakuja na fundi wa bomba na atakuta hakuna mtoto.

Nikiuandika upya, ungekuwa hivi:

"Shikamoo Mzee. Nashukuru kwa kunijulisha kwamba kodi imefika. Nilikuwa na ombi dogo. Kazini naingia alfajiri, naamka saa kumi, kwa hiyo saa tatu usiku huwa nimeshalala. Naomba mambo ya kodi tuwe tunawasiliana kabla ya saa mbili na nusu usiku. Jambo ukilikumbuka baada ya hapo, niandikie tu, nitakujibu asubuhi kabla ya saa mbili. Ila likitokea la dharura hapa nyumbani, kama moto, maji kupasuka au wezi, nipigie saa yoyote. Asante sana Mzee."

Ukilisema kwa mdomo, fuata njia hiyohiyo: salamu, shukrani, zamu yako, saa, njia ya badala, dharura. Akisema "sawa mwanangu", ishia hapo. Watu wengi huharibu kwa kuendelea kueleza baada ya kukubaliwa, mpaka aliyekubali anaanza kujiuliza kama amesemwa vibaya.

Utaona sikumkataza kuandika usiku. Nimefanya makusudi, na najua ulitaka na jumbe zikome. Kumwambia mtu anayefanya hesabu zake usiku asikuandikie kabisa ni kumtaka akariri jambo mpaka kesho, na mtu wa umri wake anajua atalisahau. Atapiga ili asisahau. Ukimwachia mlango wa kuandika, atalitua humo na kulala. Mlio wa ujumbe unaweza kuuzima wewe mwenyewe kwenye simu yako bila ruhusa ya mtu. Kinachohitaji hisani yake ni simu ya kupiga, basi hisani hiyo usiitumie kwenye kitu ambacho kidole chako kinatosha.

Na hapa ndipo simu yenyewe inaingia. Simu nyingi za Android zikiwekwa Kiswahili zina hali inayoitwa Usinisumbue, ipo kwenye mipangilio. Unaipangia ratiba, tuseme kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, inajiwasha na kujizima yenyewe kila siku, na kengele ya kukuamsha unaiachia ilie. Ndani yake kuna mahali pa kuchagua watu ambao simu zao zitapita, na kuna kipengele cha wanaopiga tena: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Hicho kipengele kiangalie mapema. Kikiwa kimewashwa na mzee ana tabia ya kupiga, kungoja kidogo na kupiga tena, utaamka na utadhani Usinisumbue haifanyi kazi. Kabla hamjazungumza, kizime. Mkishakubaliana, kiwashe, umwambie mzee: "Ikiwa ni dharura, piga mara mbili mfululizo, nitasikia." Sasa kupiga mara mbili kuna maana moja tu kati yenu, naye hatakuwa na wasiwasi kwamba nyumba itaungua na wewe umelala.

Nilisema nitarudia hilo la kublok. Namba hiyo ndiyo njia ambayo mwenye nyumba atakupata bomba likipasuka ghorofa ya juu yenu, na mara nyingi ndiyo njia ya taarifa za mkataba pia. Pitia mkataba wako uone sehemu ya mawasiliano inasemaje. Kama namba yako imeandikwa humo kuwa ndiyo ya kukupa taarifa, halafu ukaifunga, siku akisema "nilimwandikia wiki mbili kabla" utakuwa na kazi ngumu ya kueleza. Zaidi ya hayo, aliyeblokiwa hajui kwamba amekera. Anachojua ni kwamba mpangaji wake hapatikani, tarehe 4. Atakuja mlangoni, na mlango hauna Usinisumbue.

Basi tuseme umeomba na amekubali. Tegemea kwamba atasahau, pengine mwezi unaofuata tu. Usiku huohuo wewe usipokee wala usijibu ujumbe, hata kama umeamka na unauona. Hii ni sehemu ngumu kwa wapangaji wengi. Ukijibu saa tano na robo "ndiyo Mzee nimelipa", umemfundisha kwamba saa tano jibu linapatikana, na maneno yote mazuri uliyoyasema mchana yamefutika. Jibu asubuhi, kabla ya saa mbili kama ulivyoahidi, na ahadi hiyo usiivunje hata siku moja: "Shikamoo Mzee, nimeona simu yako ya jana usiku, nilikuwa nimelala. Kodi niliituma tarehe 3 kwa jina la kaka, namba ya muamala ni hii." Usiongeze "kama nilivyokwambia". Mtu aliyezoea akiona jibu linakuja asubuhi kila mara, na linakuja na kila kitu anachokitaka, anaacha kupiga bila kuambiwa mara ya pili.

Ikipita miezi kama miwili bado anapiga, mkumbushe mara moja, kwa upole uleule, mchana: "Mzee, lile ombi langu la saa mbili na nusu bado nalihitaji, zamu haijabadilika." Na kama siku unayoomba atakuja juu, akakwambia "nyumba ni yangu, nitapiga nikitaka", usibishane naye kuhusu nyumba ni ya nani. Mwambie: "Nyumba ni yako Mzee, wala sikatai. Nimeomba kwa sababu ya kazi, na kodi utaipata siku ileile." Kisha endelea kufanya ulivyosema, pokea kabla ya saa mbili na nusu, jibu asubuhi. Hahitaji kusema "sawa" ili utaratibu wako ufanye kazi.

Kuna mwezi mmoja ambao yote haya yanabadilika kidogo, nao ni mwezi mtakaochelewa. Utafika, hakuna aliyepanga akaukosa. Mwezi huo usitegemee mzee aheshimu saa yako kama wewe umekaa kimya kuhusu pesa yake. Mwambie kabla ya tarehe 5, mchana, kwa tarehe kamili: "Mzee, mwezi huu nusu nitaituma tarehe 4 na iliyobaki tarehe 12." Tarehe hiyo iwe ya kweli, uihesabu siku ya mshahara na uongeze siku moja. Anayedaiwa akawa wa kwanza kusema, hata akipigiwa usiku anaweza kujibu asubuhi na uso wake ukiwa mkavu. Aliyenyamaza atapigiwa, na mimi kwa kweli sitamlaumu mwenye nyumba sana.

Mkataba wenu utakapofika wakati wa kuhuishwa, omba mambo mawili yaandikwe. Kwanza jina la kaka liingie kama mpangaji wa pili, au angalau kama mtu anayeruhusiwa kulipa kwa niaba yako. Hilo litakusaidia hata siku mtakapotofautiana kuhusu mwezi gani ulilipwa. La pili ni sentensi moja: "Mawasiliano kuhusu kodi yatafanyika kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili na nusu usiku, isipokuwa kwa dharura inayohusu usalama wa nyumba au watu." Haina jina la mtu wala lawama, na inamlinda yeye pia asipigiwe na mpangaji saa saba usiku kuulizia taa ya ukumbini. Wenye nyumba wengi huikubali kwa sababu hiyo ya pili.

Mwisho, nikueleze ni wapi ushauri wangu huu unakoma. Mzee wako anauliza kodi kwa saa mbaya, basi. Lakini kuna wasomaji wengine watakaousoma huu ambao simu zao za usiku zina matusi, vitisho vya kutolewa vyombo nje, au maneno ambayo mwenye nyumba hapaswi kumwambia mpangaji, na kodi ni kisingizio tu. Hao wasitumie ujumbe wangu wa shikamoo. Watunze kila ujumbe, wapige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, waandike barua moja fupi ya kutaka mawasiliano yote yawe kwa maandishi, wabaki na nakala, na wapeleke jambo kwenye ofisi au baraza linaloshughulikia migogoro ya wapangaji mahali walipo. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba, na huhesabiwa kuwa nayo hata kama mkataba haukuitaja. Simu mbili tatu za usiku hazifikii kuivunja. Usumbufu unaojirudia mpaka mtu anashindwa kuishi kwake ndio unaotazamwa, na hapo kumbukumbu zenye tarehe ndizo zinazosema.

Wewe hujafika huko. Mwambie kaka mwezi huu akituma tu, akupe namba ya muamala palepale.

Shangazi